Faili la mtego limeniamsha saa nane usiku

Jamani mwezi uliopita niliweka faili mbili za mtego kwenye folda ya pamoja kazini, moja nikaiita `!_bajeti.xlsx` ili ikae juu kabisa, maana ransomuea nyingi, vile virusi vinavyofunga faili na kudai pesa, zinapita folda kwa mpangilio wa majina, ya pili `paswedi_za_seva.txt` yenye akaunti ya kweli lakini paswedi ya uongo. Nikawasha ukaguzi kwenye hizo faili, mtu akizigusa seva ya Windows inaandika tukio 4663.

Usiku wa kwanza tu alamu saa nane, moyo ukanidunda kweli, kumbe ni bakapu inasoma kila kitu! Nikaitoa akaunti ya bakapu kwenye alamu za kusoma, ila za kuandika na kufuta nikaziacha kwa wote, bakapu haina sababu ya kubadilisha faili.

Juzi sasa seva ya domeni, ile inayokagua paswedi za akaunti zote kazini, ikaandika tukio 4771, ile akaunti ya kwenye faili la mtego imejaribu kuingia na paswedi imekataliwa. Hii bakapu haiwezi kuifanya, inaelekea kuna mtu alifungua akasoma akajaribu. IP ikatupeleka kwenye kompyuta moja, tukaichomoa mtandaoni hapohapo bila kuizima, tusipoteze ushahidi ulioko kwenye memori.