Samaki mia tisa wa binti yangu

Jana usiku binti yangu alikuja na daftari la hesabu. Mfugaji alipandikiza samaki 1,000, asilimia 10 wakafa, je, walibaki wangapi? Akaandika 900, akapata vema yake. Kisha akaniuliza, "Baba, hao waliokufa nani aliwahesabu?"

Nilinyamaza. Nilimkumbuka babu mlinzi.

Alilinda bwawa letu la samaki kule Ifakara, mita 20 kwa 35, la kikundi cha mama mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Tulipandikiza perege 2,000 wa gramu tano tano, tukawalisha miezi saba kwa pumba za mpunga, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga. Siku ya kuvua tulipima kilo 310. Watu walifurahi mpaka nilipokaa kuandika ripoti.

Kwenye ripoti kulikuwa na safu ya uzito wa wastani. Wavu ulipovutwa mara ya kwanza, tulijaza beseni moja, tukahesabu samaki 40, tukapima, wakaja kilo 10 kamili. Gramu 250 kila mmoja. Nikagawanya kilo 310 kwa gramu 250, nikapata samaki 1,240. Asilimia 62 ya tuliowapandikiza. Bwana samaki alikuwa ametuambia tutarajie tisa katika kila kumi, yaani 1,800, na kwa uzito ule wangekuwa kilo 450. Kilo 140 hazikuonekana.

Nilisoma hesabu hiyo kwa sauti mbele ya kikundi. Nasikia mpaka leo kimya kilichofuata, halafu mtu akasema, "Usiku pale analala nani?"

Babu alikuwa amekaa kwenye ukuta wa bwawa, tochi mkononi ingawa ilikuwa mchana. Hakujibu. Alishusha macho kwenye ile tochi, akawa anaifungua na kuifunga kifuniko cha betri. Waliamua mkutano wa kesho yake asubuhi uwe wa kumfukuza.

Usiku ule sikulala. Nilichukua madaftari yote matatu nikayatandaza mkekani, la chakula, la kupandikiza na la mauzo. La mauzo lilikuwa la mama mdogo, na magamba yalikuwa yamekaukia kwenye kurasa, mengine juu ya tarakimu zenyewe, ikabidi niyabandue kwa ukucha ili nisome. Yeye hakuandika kilo peke yake. Kwa kila mteja aliandika na idadi: kilo mbili, samaki saba. Kilo moja, samaki sita. Alifanya hivyo kwa sababu wateja hugombana, mmoja akiona mwenzake kapewa samaki watatu wakubwa na yeye sita wadogo.

Nikaanza kujumlisha. Wakubwa kilo 140, samaki 490. Wadogo kilo 170, samaki 1,020. Jumla yake ni samaki 1,510, si 1,240. Wastani wa kweli ulikuwa kama gramu 205.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mara ile ya kwanza wavu ulivutwa bwawa likiwa bado na maji mengi, na wavu wetu ulikuwa wa macho makubwa. Wadogo walipita. Walikuja kutoka mwisho kabisa, maji yalipokwisha, tukiwaokota kwenye matope kwa mikono. Mimi nilipima beseni la wakubwa nikawavika wote uzito wao. Gramu 45 tu za ziada kwa kila samaki zilikuwa zimewameza samaki 270 kwenye karatasi, na wanakikundi walikuwa wamempa mtu jina la mwizi. (Vile vitoto vya urefu wa kidole vilivyozaliwa humo humo bwawani sikuvihesabu, maana hatukuvipandikiza. Ukivichanganya, unaweza kuvua wengi kuliko uliopandikiza, ukajisifu bure.)

Bado 490 hawakuonekana. Nikageukia daftari la chakula. Mifuko 24 ya kilo 25, kilo 600. Samaki waliingia na kilo 10, wakatoka na 310, kwa hiyo waliongeza 300. Kilo mbili za chakula kwa kila kilo moja ya samaki. Kwa mchanganyiko wa nyumbani wenye pumba nyingi, huo ni uwiano wa kawaida.

Ukokotoaji huu una uzuri wake, kwamba haujali idadi. Unachukua chakula kilichoingia na uzito ulioongezeka, basi. Samaki aliyeibwa naye alikula kabla hajaibwa. Kama kweli kilo 140 zilitoka usiku, basi zile kilo 600 zilikuwa zimekuza kilo 440, na uwiano ungekuwa chini ya kilo moja na nusu. Hayo ni matokeo ya chakula cha kiwandani kile kinachoelea, si ya pumba zetu. Samaki wanaokosekana hawakula chakula chetu. Ama walikufa wakiwa wadogo sana, au hawakuwapo.

Sikuwa na uhakika wote, na sitasema nilikuwa nao. Maji yetu yalikuwa ya kijani kwa samadi ya ng'ombe, na perege hula ule ukijani pia, hivyo uwiano unaweza kuwa mzuri kuliko chakula kinavyostahili. Lakini kwa mara ya kwanza usiku ule madaftari mawili yalisema jambo moja.

Asubuhi nilieleza yote. Mama mdogo alielewa upesi kuliko wote, akasema, "Mwacheni mzee wa watu." Hawakumfukuza. Ila hakuna aliyesimama kumwomba radhi, na mimi niliyeanzisha nilimwambia tu, "Babu, nilikosea kupima." Akaniuliza, "Sasa hao wengine wako wapi, mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu. Mwezi uliofuata aliaga, akaenda kwa binti yake Mlimba.

Msimu wa pili vifaranga vilikuja vilevile kama mwanzo, kwenye mifuko kumi ya nailoni iliyojazwa hewa ya oksijeni, kila mmoja umeandikwa 200. Safari hii sikusaini. Nilichukua mifuko mitatu, nikaimimina mmoja mmoja kwenye beseni la maji ya bwawa kivulini, nikahesabu kwa kikombe, watano watano. Nikapata 166, 171 na 158. Jumla 495, badala ya 600.

Siwezi kuapa kwamba na mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo. Lakini kama kila mfuko ulikuwa na 165, basi tulipandikiza 1,650, tukavua 1,510. Tisa katika kila kumi, kama bwana samaki alivyosema.

Nilimtumia babu salamu kwa dereva wa basi la Mlimba. Sijui kama zilifika.

Ripoti ya mwaka ule ninayo kabatini. Safu ya waliopandikizwa bado inasomeka 2,000, kwa mwandiko wangu, na pembeni nimeandika kwa penseli 1,650 na alama ya kuuliza. Binti yangu aliitazama jana, akaniuliza kwa nini sijaifuta moja.