Ukuta wa kioski cha Uyole

Kioski kilitakiwa Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ya Iringa. Ukuta wa mbele ungeandikwa tangazo, kwa hiyo mwenyewe hakutaka hata wimbi moja. Tulikuwa na shiti mbili za chuma za futi 8 kwa 4, unene milimita 2, za kuunganisha kwa urefu: mshono wa milimita 2440.

Ukiuchoma mshono huo mfululizo kutoka mwisho mmoja, shiti itajikunja tu. Chuma kilichoyeyuka hutaka kutanuka, kinabanwa na kile cha baridi pembeni, kisha kikipoa kinakuwa kifupi kuliko awali. Mshono unavuta, katikati ya shiti kunabaki ziada isiyo na pa kwenda, basi inatuna.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa kubana. Klampu haifiki katikati, kwani kutoka ukingoni hadi mshono ni milimita 1220. Tulilaza engo mbili za 50 kando ya mshono, juu yake tukapitisha chaneli tatu, ncha zake tukazibana mezani kwa klampu, halafu tukagongea kabari kati ya chaneli na engo. Chini tuliweka flatibaa mbili zilizoachana upana wa kidole, moto usije ukazigandisha na shiti.

Rodi ilikuwa ya milimita 2.5, mashine kwenye ampea 65. Kijana wangu alishikiza katikati kwanza, kisha ncha mbili, kisha akaendelea kugawa kila nafasi nusu kwa nusu mpaka vishikizo vikaachana kama milimita 76. Hapo vipande vilikuwa 32, tukavipigia namba kwa chaki.

Nilichoma kimoja katikati, nikaruka robo ya kulia, nikaenda robo ya kushoto, nikarudi karibu na katikati. Hakuna kipande nilichokigusa wakati jirani yake bado ni wa moto. Tena kila kipande nilikivuta kuelekea katikati, ingawa kazi yenyewe ilikuwa inatoka katikati kwenda nje. Vilivyofunikwa na chaneli vilisubiri mpaka tulipozisogeza moja moja. Hii inachosha, maana unazunguka meza muda wote, na anayelipwa kwa siku hufurahi kuliko anayelipwa kwa kazi.

Kabari hatukuzitoa mpaka kiganja kilipoweza kutulia juu ya mshono. Ukifungua mapema, chuma kinamalizia kusinyaa kikiwa huru.

Rula ya mita 2 ilionyesha bado kuna uvimbe kidogo upande wa kulia. Ukiusukuma kwa kiganja unaingia, unadunda kurudi. Kugonga uvimbe wenyewe kungeutanua zaidi. Nilisaga mshono, kijana akashikilia kipande kizito cha chuma nyuma, nikaugonga mshono taratibu ili urefuke. Mdundo ukaisha.

Fremu ya ukuta nayo tuliichoma kwenye shiti kwa vipande vya milimita 25, kila baada ya 150, tukipishanisha pande.