Dakika za winga: nilivyobadili namna ya kubeti mashuti

Nilianza kubeti mashuti ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England kwa kuangalia namba moja tu: wastani wa mashuti kwa dakika 90. Winga ana wastani wa 3, kampuni imeweka ova 1.5, basi naweka hela bila kufikiri mara mbili. Miezi mitatu nikapoteza. Nilipokaa na daftari na kupitia beti moja moja, niliona karibu zote zilizochanika zina alama ileile. Mchezaji alikuwa ametolewa mapema, au alianzia benchi. Tangu ligi iruhusu sub tano, msimu wa 2022/23, makocha wana nafasi kubwa ya kuwapumzisha mawinga na washambuliaji, na wengi wao hawamalizi mechi. Ule wastani wa dakika 90 ulikuwa wa mechi ambayo yeye haichezi.

Nieleze beti moja ya Februari iliyonifunza zaidi. Mechi ilikuwa Jumamosi saa 12 jioni, na Ijumaa usiku winga huyo alikuwa ova 1.5 kwa odi 1.80. Ukigawa 1 kwa 1.80 unapata asilimia 56. Maana yake ili beti iwe na thamani, lazima apige mashuti mawili au zaidi kwa uwezekano unaozidi hapo.

Msimu mzima alikuwa amepiga mashuti 30 katika dakika 900, yaani shuti moja kila dakika 30. Akianza, kwa kawaida anatolewa dakika ya 62, kwa hiyo tunatarajia mashuti 2.07. Kwenye Excel ninaandika hivi:

```
=1-POISSON.DIST(1,2.07,TRUE)
```

Jibu ni asilimia 61. Akitokea benchi anapata kama dakika 22, na uwezekano unaporomoka hadi asilimia 17. Nilikadiria kuwa nafasi yake ya kuanza ni robo tatu, nikachanganya hizo asilimia mbili kwa uzito huo, ikaja 50. Chini ya 56, kwa hiyo Ijumaa sikuweka kitu. (Zamani nilikuwa nachanganya dakika kwanza ndipo nikokotoe. Kwa winga huyu ingenipa 52, namba nzuri kuliko hali halisi.)

Jambo la benchi lina uzito wake kwa sababu ya kanuni. Kampuni ninayotumia inarudisha dau pale tu mchezaji asipokanyaga uwanja kabisa. Akiingia dakika ya 80, beti inahesabika. Kanuni hii inatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo isome kabla ya kuweka dau.

Jumamosi kikosi kikatoka, zaidi ya saa moja kabla ya mpira kuanza. Anaanza! Odi ikashuka hadi 1.72, inayodai asilimia 58, na mimi nina 61. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Kisha nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: yale mashuti 30 aliyapiga lini?

Nikarudi mechi kwa mechi. Dakika 240 kati ya zile 900 alitokea benchi, na humo alipiga mashuti 11. Kwa dakika 660 alizoanza alipiga 19 tu. Inaeleweka: anapoingia mwishoni mabeki wamechoka, timu inasaka goli, uwanja uko wazi. Kwa kasi ya mechi alizoanza, dakika 62 zinampa mashuti 1.78, na uwezekano unabaki asilimia 53.

Mashuti 19 ni machache mno kuyaamini peke yake, kwa hiyo siamini kwamba 53 ndiyo jibu kamili. Nadhani ukweli uko kati ya 53 na 61, na kati hapo ni karibu kabisa na 58 ya kampuni. Nikaiacha. Naitazama bado kama beti yangu bora ya msimu ule, ingawa sikuweka hata shilingi.

Sasa daftari langu lina safu mbili nisizokuwa nazo: dakika nilizokadiria, na dakika alizocheza kweli. Matokeo ya beti moja hayanionyeshi kama nilifikiri vizuri, lakini safu hizi mbili zinanionyesha baada ya wiki chache tu. Kwa wachezaji wa kawaida nakosea huku na huku, juu na chini, na hilo sina shida nalo. Kwa wanaotoka majeruhi nilikuwa nakosea upande mmoja, nawapa dakika nyingi kuliko makocha wao wanavyowapa, hata wanapoanza mechi. Hao nimewapunguzia dakika 10 kila mmoja katika mechi zao tatu za kwanza.