Mawe ya figo nikiwa shule, kaka naye "ngiri": jinsi tulivyogundua kuwa ni sistinuria

Naandika hii kwa ajili ya wale wanaopata mawe kwenye figo wakiwa bado wadogo, au wazazi wao, maana mimi jiwe la kwanza lilinikamata nikiwa kidato cha tatu, Tanga, na kila mtu aliyeniona alikuwa na jibu moja tu, maji ya kisima yana chumvi, kunywa maji mengi, basi. Jiwe likatoka lenyewe, likaja lingine, likaja lingine upande wa pili. Sasa jamani nyumba nzima tunakunywa kisima kile kile, majirani pia, mbona mawe yanakuja kwangu mimi msichana wa miaka 16 na siyo kwa baba anayekunywa maji hayo toka utotoni? Hilo swali lilinikaa kichwani muda mrefu kabla sijapata mtu wa kulijibu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na maumivu yake ya kiunoni yanayoshuka hadi kwenye kinena, yanakuja yanaondoka, akaambiwa ni ngiri, akanywa mizizi, wengine wakasema chango. Hakuna aliyeunganisha ya kwake na ya kwangu kwa sababu yake yalishapewa jina. Nimekuja kujua baadaye kwamba hapa ndipo historia ya familia inapopotea, kwa sababu watu wanauliza "kuna mtu kwenu ana mawe ya figo?" na jibu linakuwa hapana, wakati swali lilitakiwa kuwa nani kwenu analalamika kiuno, nani amewahi kukojoa damu, nani alifanyiwa operesheni ya tumbo na kwa nini, nani alikufa na figo akiwa kijana. Na jambo lingine, wazazi wako wana undugu? Kwetu pwani ndoa za binamu ni kawaida tu, mama na baba yangu ni watoto wa ndugu wawili, na daktari wa mkojo aliyenisikiliza Dar alipojua hilo ndio akaacha kuandika akaniangalia vizuri.

Alinieleza hivi. Kuna magonjwa ya mawe ambayo mtoto anayapata pale tu anaporithi jeni mbovu kutoka kwa baba NA kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe wana moja moja, kwa kawaida wako salama, hawana jiwe hata la dawa. Kwa hiyo ukiangalia juu, kwa wazazi na mabibi, huoni kitu, unatakiwa uangalie pembeni, kwa kaka na dada, maana kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili. Wazazi wakiwa ndugu, uwezekano wa wote wawili kubeba jeni ile ile unapanda. Kwa hiyo "wazazi hawana" haifuti kitu, ndugu wawili wa tumbo moja wenye mawe wakiwa chini ya miaka 30 ndio alama kubwa.

Halafu akataka mkojo wangu. Nikamwambia mkojo nimepimwa mara kibao na hawakuona kitu zaidi ya damu na usaha kidogo. Akaniuliza mlikuwa mnatoa saa ngapi? Hapo nikaelewa kitu. Kila nikienda hospitali naambiwa kwanza nywe maji mengi kibofu kijae kwa ajili ya altrasaundi, halafu kikopo cha mkojo natoa palepale, mkojo mweupe kama maji, kisha unakaa kaunta mpaka mchana. Kwa mtu anayetafuta kristali, zile chembe ndogo zinazojenga jiwe, hiyo ni njia ya kuzipoteza. Maji yanazimua, zinayeyuka, na mkojo ukikaa kwenye joto bakteria wanaubadilisha unakuwa wa alkali, na sistini, asidi amino inayotengeneza mawe yangu, ikikutana na alkali inayeyuka pia. Ukiwa tayari unatumia potasiamu sitreti, dawa inayofanya mkojo uwe wa alkali, ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo safari hii niliambiwa nilete mkojo wa kwanza wa asubuhi, ule uliolala kibofuni usiku kucha, nisinywe kitu kabla, na uangaliwe ungali wa moto. Nililala kwa ndugu karibu na hospitali kwa ajili hiyo tu. Mama wa maabara akauzungusha kwenye mashine, akaweka tone kwenye kioo, akakaa kimya kwenye hadubini kisha akaniita, "mwanangu njoo uone vitu vyako". Vilikuwa vipande bapa visivyo na rangi, vina pembe sita, vingine vimelaliana. Pembe sita kabisa, kama vigae vya sakafu. Akanieleza kwamba kristali za asidi ya yuriki nazo mara mojamoja zinatoka na pembe sita zikakudanganya, ila zile kwa kawaida zina umanjano au ukahawia, na pia zinawaka rangi kali chini ya mwanga wa polaraizi. Kisha akafanya kipimo cha sianidi na nitroprusaidi, mkojo ukageuka zambarau. Kipimo hicho kinashika sistini ikiwa nyingi, toka kama miligramu 75 kwa lita, na hakimalizi kesi, kinasema tu nenda kapime kiasi.

Kwa ufupi ugonjwa ni huu: figo inachuja vitu halafu inarudisha vile vizuri mwilini, sasa kwangu ule mlango wa kurudisha sistini haufanyi kazi. Mlango huo huo unapitisha pia asidi amino nyingine, onithini, laisini na ajinini, nazo zinamwagika, ila hizo zinayeyuka vizuri hazina shida. Sistini ndio haiyeyuki. Jeni zinazohusika ni SLC3A1 na SLC7A9. Mimi jeni sijapimwa, gharama, na daktari alisema matibabu hayabadiliki sana.

Kabla ya kukubali akataka kuondoa mengine, na hili nalisema kwa sababu kijana mwenye mawe siyo lazima awe na sistinuria. Kuna oksaleti ya kurithi, ini linatengeneza oksaleti kupita kiasi, hiyo ni mbaya kwa sababu inaweza kuua figo mapema kabisa, hata kwa mtoto mchanga, na wengine wanasaidiwa na vitamini B6. Kuna upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa APRT, mawe yake hayaonekani kwenye eksirei kwa hiyo watu wanadhani ni ya yuriki, lakini kwenye hadubini kristali ni duara za kahawia na chini ya polaraizi zinaonyesha msalaba, na hao wanasaidika sana na alopurinoli. Kuna ugonjwa wa Dent unaokamata wavulana, unapitia kwa mama, na unavujisha protini. Kila mmoja una matibabu yake tofauti, ndio maana "kunywa maji tu" haitoshi kama jibu. Mimi kilichofunga mjadala ni jiwe lenyewe, nililipeleka likapimwa, sistini tupu. Jamani ukitoa jiwe usilitupe, kojoa kwenye kichujio cha chai cha zamani ulipate.

Sasa hesabu, na hii ndio ilinisaidia kuliko maneno yote. Nilikusanya mkojo wa saa 24, majibu yakaja kama miligramu 900 za sistini kwa siku, mtu wa kawaida hafiki hata 30. Lita moja ya mkojo wenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 7 inabeba kama miligramu 250 tu, zaidi ya hapo inaganda. Gawanya 900 kwa 250 unapata lita 3.6. Yaani natakiwa KUKOJOA lita 3.6, siyo kunywa, na kwa joto la Dar unavyotoka jasho kunywa inabidi iwe zaidi ya lita nne. Nilipoambiwa "kunywa maji mengi" miaka yote nilikuwa nakunywa mbili na nusu nikidhani nimezidisha.

Usiku ndio hatari zaidi kwa sababu sistini inaendelea kutoka na wewe hunywi. Nakunywa glasi mbili nikilala, nikiamka kukojoa nakunywa tena ndio narudi kulala. Mwanzoni inachosha, ila mkojo wa alfajiri ukiwa wa njano najua hapo ndipo jiwe linapoanzia.

Upande wa pili ni pH. Natumia potasiamu sitreti mara tatu kwa siku na karatasi za kupimia pH nanunua, nachovya asubuhi na jioni, nalenga kati ya 7 na 7.5. Chini ya 7 dawa haijanisaidia kitu, na ikipanda sana juu ya hapo unaanza kualika mawe ya fosfeti ya kalsiamu, kwa hiyo zaidi siyo bora. Na mtu ambaye figo zake zimeshachoka asijianzishie hiyo, potasiamu ikipanda kwenye damu moyo unaweza kusimama, mimi napimwa damu.

Chumvi nimepunguza kwelikweli, kwa sababu sodiamu ikishuka sistini inayotoka inashuka pia. Kwa mtu wa Tanga hiyo maana yake ni papa na ng'onda, achari, na zile kyubu za kupikia. Nyama na samaki sijaacha, nimepunguza kiasi, sistini mwili unaitengeneza toka kwa methionini iliyo humo. Dawa nzito kama tiopronini na penisilamini, zinazoigawanya sistini iyeyuke, sijafika huko, zina madhara, upele, homa na protini kwenye mkojo, zinawekwa kwa wale ambao maji na sitreti vimeshindwa.

Kitu kingine cha kujua mapema: mawe haya ni magumu kwa mashine ya mawimbi. Mimi nilipigwa mawimbi kabla hatujajua ni jiwe gani, likabaki vile vile. Lililotoka vizuri ni kwa kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo na leza. Kwa hiyo kujua jiwe ni la nini kabla ya kulipiga kunakupunguzia pesa na maumivu.

Nilipopata jibu nikampigia kaka, "kaka ile siyo ngiri, lete mkojo wa asubuhi". Pembe sita. Siti skani ikaonyesha jiwe kubwa figo ya kushoto, na kaka ameshaondolewa. Mdogo wetu wa mwisho hana maumivu yoyote, naye tukamwangalia, kristali zipo, jiwe bado. Yeye sasa ndiye anayekunywa maji kuliko sisi wote. Dada wa katikati hana kitu.

Mume wangu siyo ndugu yangu. Mtoto wetu lazima amebeba jeni moja mbovu toka kwangu, na wenye jeni moja mbovu ya SLC7A9 wengine wanatoa sistini kiasi na mara chache hata jiwe, kwa hiyo tumekubaliana na daktari mkojo wake wa asubuhi utapimwa kiasi cha sistini, na kwa watoto wadogo sana wanasubiri kidogo kwa sababu figo changa zinavujisha hata bila ugonjwa, kipimo kinarudiwa akikua.