Siku yangu na Nwoye: kumfuatilia mhusika sura kwa sura

Saa 11 alfajiri
Nkuhungu bado kimya, na upepo wa Dodoma unapuliza vumbi chini ya mlango. Nimewasha taa ya mezani ili watoto wasiamke, nakunywa chai ya rangi huku nikirudia sura ya 7 ya Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958. Leo nina semina ya mwaka wa pili, somo la fasihi linganishi. Wanafunzi walipewa kazi ya kumfuatilia mhusika mmoja tangu anapoingia hadi anapotoka, na wengi wamemkimbilia Okonkwo mwenyewe. Mimi nimewachagulia Nwoye, mwanawe wa kwanza. Okonkwo anaanguka, lakini habadiliki sana. Anayebadilika ni huyu mtoto.

Saa 1 asubuhi
Daladala ya kwenda UDOM imejaa. Nimesimama, begi lenye majedwali ya wanafunzi nimelikumbatia kifuani.

Saa 2 asubuhi
Semina imeanza. Jedwali letu lina safu nne: sura, jambo linalotokea, ushahidi wa maandishi, na ya mwisho ambayo wengi huiacha tupu, yaani nani anayetuambia. Nikamwita kijana wa Kondoa atusomee safu yake ya sura ya 2. Akasoma: "Nwoye ni mvivu." Nikamwomba atafute mahali msimulizi aliposema hivyo.

Akapekua, darasa likasubiri. Alipopata mahali penyewe akasoma mwenyewe kwa sauti ya polepole: Nwoye ana miaka 12, baba yake anaona dalili za uvivu kwake, kisha msimulizi anaongeza kuwa hivyo ndivyo ilivyoonekana kwa baba. Baba akawa anamkaripia na kumpiga kila mara, na mtoto akaanza kuwa na uso wa huzuni.

"Kwa hiyo, Mwalimu, siyo sifa yake," akasema dada aliyekaa dirishani, "ni hofu ya Okonkwo."

Ndivyo. Okonkwo anaogopa kufanana na marehemu baba yake, Unoka, aliyekufa na madeni, na kila mtoto anayekaa kimya anamwona Unoka amefufuka. Mwanafunzi akiandika "mvivu" sura ya 2, kisha "jasiri, anamkataa baba" sura ya 17, atasema mhusika amegeuka kutoka mvivu kuwa jasiri. Kumbe kilichobadilika ni anayetusimulia. Sura ya 2 tulikuwa ndani ya kichwa cha baba, baadaye tukahamia ndani ya kichwa cha mtoto. Kabla hujadai mhusika amebadilika, hakikisha unalinganisha mtazamo uleule.

Saa 4 asubuhi
Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu, na ninafurahi tulipotumia. Sura ya 7. Ikemefuna, mvulana aliyetolewa na kijiji cha Mbaino kuwa fidia, amekaa kwa Okonkwo miaka mitatu na amekuwa kaka kwa Nwoye. Nwoye sasa anajifunza kulalamika kuhusu wanawake, na baba anafurahi akimsikia. Lakini msimulizi anatuingiza ndani: mtoto anajua kwamba ukali ndio uanaume, hata hivyo bado anazipenda zaidi hadithi za mama yake. Nje anabadilika kwa ajili ya baba, ndani yuko palepale. Wanafunzi wawili walikuwa wameandika "amekuwa mwanaume kamili" kwa ushahidi wa matendo tu. Tukawaongezea mstari wa pili chini ya huo, wa kilichomo moyoni.

Kisha tukaisoma sehemu ya Ikemefuna kuondoka. Nwoye anaposikia kwamba rafiki yake anarudishwa kwao, analia, na baba anampiga sana. Usiku ule baba anaporudi kutoka kumsindikiza, Nwoye anajua bila kuambiwa kuwa Ikemefuna ameuawa. Safari hii halii. Analegea tu, na kitu ndani yake kinakatika kama kamba ya upinde uliovutwa. Nikawaambia waweke machozi ya kwanza na ukimya wa pili ubavu kwa ubavu. Ni mtoto yuleyule, ndani ya sura moja, na tofauti hiyo ni ushahidi mzito kuliko sentensi yoyote ya "amebadilika".

Mara moja msimulizi anarudi nyuma: msimu wa mavuno uliopita Nwoye aliwahi kuhisi mkatiko huohuo, aliposikia vilio vya mapacha waliotupwa msituni kama mila ilivyotaka. Mbinu rejeshi hii haikuwekwa kwa bahati. Chukua penseli, chora mshale kutoka hapa hadi sura ya 16.

Saa 7 mchana
Ugali, mlenda na maharage kantini. Nimesahihisha majedwali machache huku nakula.

Saa 8 mchana
Saa za ushauri. Dada mmoja amekuja na swali zuri: jedwali lake lilionyesha Nwoye anamkana baba kabla ya kuvutwa na wamisionari. Alifuata mpangilio wa kurasa, na kurasa za sura ya 16 zimepinduliwa kwa makusudi. Sura inaanza na Obierika, rafiki wa Okonkwo, anayekuja Mbanta, Okonkwo anakoishi uhamishoni, kumweleza kwamba amemkuta Nwoye kwa wamisionari kwao Umuofia, na alipomuuliza habari za baba yake, kijana akajibu kuwa huyo si baba yake. Baada ya hapo ndipo tunarudishwa siku wamisionari walipofika Mbanta. Na tukio la kuondoka kwenyewe liko sura ya 17.

Tukaongeza safu ya tano: mfuatano wa matukio. Ya kwanza, wimbo wa wamisionari Mbanta. Habari za Utatu Mtakatifu Nwoye hazielewi kabisa. Kinachomgusa ni wimbo kuhusu ndugu waliokaa gizani na kwa woga, unaoonekana kujibu swali lililokuwa likimsumbua, la mapacha na la Ikemefuna. Ya pili, anapita mara nyingi mbele ya kanisa bila ujasiri wa kuingia. Ya tatu, sura ya 17, binamu anamwona kati ya Wakristo, baba anamkaba shingo, mzee Uchendu anaamuru aachwe, na Nwoye anaondoka bila kurudi. Ya nne ndiyo ile ya Obierika.

"Mbona sasa anaonekana mwoga zaidi?" akauliza.

Kwa sababu tumemwona akisitasita. Kwa kutanguliza matokeo, Achebe anatufanya tusome kila hatua tukijua inakoelekea, na macho yetu yahamie kwenye sababu. Mpangilio wa kurasa unaonyesha mwandishi anavyotuongoza. Mpangilio wa wakati unaonyesha mtoto alivyokua. Insha inayochanganya viwili hivyo huishia kusema Nwoye alimchukia baba kwa sababu ya dini, wakati kidonda kilianza sura ya 7.

Saa 12 jioni
Nyumbani, nimebakiza sura ya 21. Nwoye anatajwa kwa ufupi: sasa anaitwa Isaka, na mmisionari Bwana Brown amempeleka chuo cha ualimu Umuru. Hatuingizwi tena moyoni mwake. Insha kadhaa zinasema hapa "amepata amani". Pembeni nimeandika: ushahidi uko wapi? Tunajua jina jipya na mahali alipo. Furaha ya kumwacha baba ilitajwa sura ya 17. Ya baada ya hapo hayamo kitabuni, na jedwali liache nafasi hiyo wazi.

Saa 2 usiku
Nimeandika kazi ya wiki ijayo: Obierika, sura ya 8, 13, 15, 16, 20 na 25, kwa safu zilezile tano. Waanze na sura ya 13, anapobaki peke yake baada ya rafiki yake Okonkwo kupelekwa uhamishoni, akawakumbuka mapacha wa mke wake aliowatupa mwenyewe na kujiuliza walikuwa na kosa gani. Swali la Nwoye limefika kwa mtu mzima anayebaki ndani ya mila zilezile. Wanieleze kwa nini mmoja anaondoka na mwingine habanduki.