Miadi saa tatu, na mimi niko kwenye geti la ubalozi

Binamu yangu alinisisitizia: "Viza ni ubalozini, usidanganywe na mtu." Kwa safari yake alisema kweli. Yeye aliomba ya Marekani, na Wamarekani wanakuita wenyewe pale ubalozini kwao Msasani, Dar es Salaam, unachukuliwa alama za vidole na kuhojiwa dirishani hapohapo. Mimi nilikuwa naomba ya Uingereza.

Basi siku ya miadi saa mbili na nusu nilikuwa Umoja House, mjini, nimevaa suti, bahasha kwapani. Ubalozi wa Uingereza kweli uko pale, bendera naiona. Mlinzi akaniambia, "Kaka, hebu nione karatasi yako." Akaisoma, akaweka kidole kwenye mstari ambao mimi niliuruka nyumbani: Visa Application Centre, yaani kituo cha maombi ya viza, na chini yake anwani ya jengo lililoko Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. "Hapa hawapokei maombi ya viza. Wahi."

Nikadaka bodaboda, elfu tatu au nne, sikumbuki. Nilifika zimebaki dakika tano, jasho mgongoni.

Kule ndani ndipo nilipoelewa. Kituo kile kinaendeshwa na kampuni, kwa mkataba na serikali ya Uingereza. Kwangu kazi yake ilikuwa kuchukua alama za vidole vyote kumi, kukupiga picha, kupokea pasipoti na kuituma. Nilimuuliza dada wa dirishani kama nyaraka zangu za benki zinatosha kupata viza. Akasema hana uamuzi huo; anayeamua ni ofisa wa uhamiaji wa Uingereza, ambaye hutakutana naye. Kwa hiyo barua ya kumbembeleza balozi, niliyoshauriwa niandike, haikuwa na pa kwenda.

Fomu na ada ya viza nilishamaliza kwenye gov.uk, na huko ndiko nilikopelekwa kwenye tovuti ya kituo kuchagua siku. Hapo ndipo palipopaswa kunishtua: anwani ya tovuti ilibadilika, ikawa vfsglobal.com, ya ile kampuni, haina tena gov.uk. Ukiona mabadiliko hayo, jua miadi yako ni ya kituo. Huko pia utawekewa huduma za kulipia, kama meseji za kukujulisha ombi limefika wapi na kuletewa pasipoti. Ni za hiari, na hazikuongezei nafasi ya kupata viza. Mimi nililipia meseji tu.

Na ukikitafuta kituo kwenye ramani ya simu, usiandike "ubalozi wa Uingereza". Itakupeleka Umoja House kama mimi. Nakili anwani ya kwenye karatasi ya miadi, hadi namba ya ghorofa.

Pasipoti niliifuata kituoni kulekule. Wiki iliyopita mdogo wake binamu, anayeomba ya Marekani, aliniuliza aende wapi. Nikamwambia alete karatasi kwanza. Imeandikwa ubalozini, Msasani.