Mradi wa masomo ya lahajedwali: nimeacha kurekodi skrini nzima

Jumamosi. Somo la tatu, linalohusu fomula ya `SUMIF` ndani ya LibreOffice Calc, nililirekodi skrini nzima, 1920 kwa 1080. Kwenye kompyuta lilipendeza. Nilipolifungua kwenye simu, maandishi ya seli yalikuwa madogo kama chawa, na mabano na nukta mkato za fomula hazikutofautiana kabisa. Mwanafunzi akikosea nukta mkato moja fomula inagoma, kwa hiyo somo lile halifai. Nalirekodi upya.

Jumapili. Nimechagua kurekodi mstatili wa 1280 kwa 720 tu. Video ikitandazwa kwenye skrini ileile ya simu, kila herufi inaonekana kubwa mara moja na nusu, bila mimi kugusa ukubwa wa fonti. Amri niliyotumia (Linux, mazingira ya X11) ni hii:

```
ffmpeg -f x11grab -framerate 15 -show_region 1 \
 -video_size 1280x720 -i :0.0+320,180 \
 -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p somo3.mp4
```

Namba mbili baada ya alama ya kujumlisha ndizo zinazosema mstatili unaanzia wapi: pikseli 320 kutoka kushoto, 180 kutoka juu. `-show_region 1` inachora mpaka kwenye skrini, nami nikavuta dirisha la Calc mpaka likajaa humo. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha, maana kinachosogea ni kishale na herufi ninazochapa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu upana wa 1281, kwa sababu dirisha lilikuwa limekaa hivyo. Amri ikakataa palepale: `width not divisible by 2`. Mfumo wa rangi wa `yuv420p` huhifadhi rangi kwa vikundi vya pikseli mbili kwa mbili, kwa hiyo upana na kimo lazima vigawanyike kwa mbili. Ukiondoa `-pix_fmt yuv420p` kosa linatoweka, lakini usidanganyike: unaweza kupata faili ambalo simu nyingi hazilichezi. Badilisha vipimo, usiguse rangi.

Faili limeshuka chini ya nusu. Pikseli zenyewe zimepungua hadi asilimia 44 hivi ya zile za awali, lakini sidhani hesabu hiyo peke yake inaeleza jambo lote. Eneo lililotulia halibebi uzito mkubwa kwenye video, kwa kuwa kisimbaji hurudia tu fremu iliyopita. Mzigo huja na mabadiliko. Kule nje ya mstatili kulikuwa na saa inayohesabu sekunde, arifa zinazochomoza na kuzama, na kivinjari chenye picha inayochezacheza. Vyote hivyo sasa haviingii.

Jumatatu. Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Nilipobofya kulia kwenye seli ya mstari wa chini, menyu iliteremka ikatoka nje ya mstatili. Mtazamaji anaona vipande vinne vya juu vya menyu, kishale kinazama ukingoni, kisha seli inabadilika rangi kama kwa uchawi. Hajui nimebofya nini. Sababu ni kwamba menyu inajua ukingo wa skrini, haijui ukingo wa mstatili wangu. Ikiona nafasi chini, inashuka.

Nikaanza kupandisha kila mfano juu ya jedwali, na somo likaharibika mtiririko. Baadaye nikawaza: kama menyu inaheshimu ukingo wa skrini, basi ukingo wa skrini na uwe ndio ukingo wa mstatili. Nikausogeza kwenye kona ya chini kulia. 1920 toa 1280 ni 640, na 1080 toa 720 ni 360, kwa hiyo:

```
-i :0.0+640,360
```

Upau wa kazi uliokuwa chini nikauhamishia juu, pamoja na saa yake, na dirisha la Calc likaketi hadi kwenye kona. Nikabofya kulia kwenye seli ileile. Safari hii menyu ilipanda juu, na menyu ndogo iliyotoka kwayo ikafungukia kushoto, yote ndani ya picha. Nilifurahi mno.

Jumanne. Rekodi ya somo zima, dakika nne. Kabla ya kuanza nilirekodi sekunde kumi za majaribio: nikafungua menyu ya kila kona, nikaandika `=SUMIF(B2:B40;"Usafiri";C2:C40)`, nikaitazama kwenye simu. Nukta mkato zote mbili zinasomeka. Kilichobaki ni menyu za juu za Calc, ambazo hushuka ndani ya mstatili na hazisumbui.

Somo la nne, kuhusu kupanga safu, linaanza kesho kwa vipimo hivihivi.